Kwa nini Liyongo alipiga goti kisimani: ari ya shujaa katika tenzi zetu

Tuna methali mbili za ushujaa ambazo hazielewani. Ya kwanza husema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Ya pili husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ya kwanza humsukuma kijana mbele, ya pili humvuta shati kwa nyuma, na wazee wetu walizitumia zote mbili, pengine mzee mmoja siku moja, kutegemea kijana aliyesimama mbele yake.

Barazani, kuanzia Likoni mpaka Kisauni, mazungumzo ya ushujaa yakikolea hayachelewi kufika kwa Fumo Liyongo. Na neno linalosemwa ni moja: Liyongo hakumkimbia mtu, alikufa akiwa na upinde mkononi. Barubaru husikia hayo wakaondoka na somo kwamba mwanamume hakimbii, na kwamba jina ni bora kuliko uhai. Makala haya yanataka kuutazama utenzi wenyewe, kwa sababu Liyongo wa utenzi si yule wa barazani. Liyongo wa utenzi alikimbia, alijificha, alidanganya walinzi, na alifanya hivyo mara nyingi bila kupungukiwa na heshima. Alipokubali kufa palikuwa na sababu maalumu, na sababu hiyo haikuwa sifa.

Utenzi unaojulikana zaidi uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, lakini kisa ni cha kale zaidi. Askofu Edward Steere alikuwa ameshakichapa kwa nathari mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili. Wataalamu hawakubaliani Liyongo aliishi karne gani. Wapo wanaomweka kabla ya mwaka 1300 na wapo wanaomleta karibu zaidi nasi. Makao yake yanatajwa kuwa Shaka na Ozi, upande wa delta ya Tana, na watu wa Kipini huonyesha mahali wanapoamini ndipo kaburi lake lilipo. Adui yake ni Daudi Mringwari, mtawala wa Pate, ambaye alimwogopa Liyongo kwa nguvu zake na kwa kupendwa kwake na watu. Ugomvi ulikuwa wa utawala. Baadhi ya wataalamu husema chanzo ni desturi mbili za urithi zilizogongana, moja ya upande wa mama na nyingine ya upande wa baba.

Sasa tazama mitego aliyotegewa. Kila mtego ulitengenezwa kwa kamba ya heshima yake mwenyewe, na hilo ndilo jambo ambalo wasimuliaji wa barazani hulipita mbio.

Liyongo alipoona hatari, kitu cha kwanza alichofanya ni kuondoka mjini. Aliingia msituni bara, akaishi na Wasanye na Wadahalo, watu wa kuwinda. Mtawala wa Pate akawaahidi watu hao fedha ili wamuue. Wao walijua kwamba hawamwezi ana kwa ana, basi wakatumia kikoa. Kikoa ni kula kwa zamu: leo huyu analeta, kesho yule. Aliyekula cha wenzake hawezi kukataa zamu yake, na akikataa jina lake limekwisha. Walikuwa wakila makoma, matunda ya mkoma, na kila mmoja kwa zamu yake alipanda mti akayaangusha. Shauri lao lilikuwa kwamba zamu ya Liyongo ikifika, akishakuwa juu ya mti na mikono yake imeshika shina, watamfuma kwa mishale kutoka chini.

Mtu anayeiona heshima kuwa ni kukabili kila hatari angepanda. Mtu anayetaka usalama tu angetoa udhuru, akala hasara ya jina. Liyongo alipofikiwa na zamu alichukua upinde, akayapiga makoma kwa mshale yakaanguka chini, wakala. Zamu ameitimiza, mtini hakupanda, na wale waliokuwa wamejificha na nia yao wakajua kwamba mtu anayelenga hivyo si wa kuchokozwa. Hapo ameokoa uhai na jina kwa pigo moja, na mshairi anamsifu kwa hilo.

Mtego wa pili ulikuwa ngoma. Liyongo alikuwa mshairi na bingwa wa gungu, na mtu wa namna hiyo akiitwa kwenye gungu haachi kwenda. Alialikwa Pate, akakamatwa, akafungwa kwa minyororo. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada, na walinzi walikuwa wakikila kile kizuri. Liyongo akatunga maneno ya mafumbo akamwimbia Saada ampelekee mama: oka mkate wa makapi, na ndani yake tia tupa. Walinzi waliuona mkate wa makapi wakaudharau, wakamwachia. Alipoulizwa haja yake ya mwisho kabla ya kuuawa, aliomba achezewe gungu na mwao. Watu wakajaa nje, pembe na matari na matuazi yakapigwa, na chini ya kelele hizo yeye akawa anakata minyororo. Kisha akatoka.

Huyo ndiye Liyongo ambaye eti hakuukimbia uhai wake. Alitoroka jela kwa kutumia mkate wa mama, wimbo wa mafumbo na kelele za ngoma. Hakuna beti linalomwona ni mwoga kwa hayo, na hakuna msikilizaji wa zamani aliyedhani kwamba angepata sifa zaidi kwa kusubiri upanga akiwa wima. Ushujaa wa pwani una nafasi kubwa ya werevu. Anayekufa kwa kukosa werevu hulililiwa, lakini hatungiwi utenzi.

Mtego wa tatu ndio uliomaliza, nao ulikuwa mwanawe. Mtawala alimwita kijana, akamwahidi cheo na kumwoza binti yake, ili aende kwa baba yake aulize ni kitu gani kinachoweza kumuua. Kwa kuwa Liyongo hakuwa anapenywa na silaha za kawaida, siri hiyo ilikuwa ndiyo roho yake. Kijana akaenda, akauliza. Liyongo akaielewa hila. Katika utenzi anamwonya mwanawe kwamba waliomtuma wanamhadaa na kwamba hatapata anachotumaini. Kisha akamwambia: ni sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni.

Wasomaji wengi huishangaa sehemu hii. Mtu aliyegundua hila ya mkoma, aliyewazidi akili walinzi wa Pate, anakabidhi roho yake mwenyewe huku akijua? Wengine husema ni kosa la mshairi, kwamba kisa kilihitaji kufika mwisho. Mimi sioni hivyo. Mitego miwili ya mwanzo ilikuwa na mlango wa kutokea ambao haukuvunja kitu. Zamu ya kikoa inaweza kutimizwa bila kupanda mti. Ngoma inaweza kuchezwa na minyororo ikakatwa. Lakini kwa mwanawe hapakuwa na mlango wa namna hiyo. Ili aishi, Liyongo angelazimika kumdanganya mtoto wake, au kumfukuza, au kumuua kabla hajauawa, yaani kumtendea damu yake kama adui. Wakati huo ndipo uhai ulipokuwa ghali kuliko alivyokuwa tayari kulipa.

Kijana alirudi na sindano, akasubiri baba alale, akamchoma, akakimbia. Liyongo akaamka na maumivu, akashika upinde na mishale, akatoka mpaka karibu na kisima cha mji. Akapiga goti, akaupachika mshale uelekee watu, akafa hivyo hivyo. Watu wa mji wakamwona kwa mbali wakadhani anawavizia. Hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji. Mji ukashikwa na kiu kwa siku kadhaa, mpaka wakamwendea mama yake, Mwana Mbwasho, wamsihi akamtulize mwanawe kwa nyimbo. Mama akaimba, na mwana hakujibu. Mwishowe mwili ukaanguka, na hapo ndipo walipojua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Hebu tulitazame goti lile kwa utulivu. Kufa hakuchagua, kwani sindano ilikuwa imeshaingia. Alichochagua ni namna na mahali. Angeweza kufia kitandani, na Pate wangekuja wakamkata kichwa asubuhi. Alichagua kisima kwa sababu kila mtu wa mji lazima afike kisimani. Alichagua goti kwa sababu ndilo kao la mpiga mshale, na mwili uliokaa hivyo hausemi kwamba umekufa. Siku chache za mwisho alizoweza kuwatisha maadui zake alizipata kwa hesabu ya kukaa vizuri. Sifa iliyokuja baadaye ilitokana na hapo, lakini yeye hakuuza uhai akanunua sifa. Uhai ulikuwa umeshaibiwa, na akatumia kilichobaki.

Kiswahili kina maneno ya kutenganisha mambo haya, na tumekuwa wavivu kuyatumia. Kuna sifa, ambayo ni maneno ya watu. Kuna fahari, ambayo ni kujiona. Kuna ari, ule moto wa ndani unaomfanya mtu asikubali kushindwa au kudhalilishwa. Na kuna soni, haya ya kuonwa na watu unaowajali. Wazungumzaji wa siku hizi huyatia yote kwenye kapu moja wakaliita heshima. Katika tenzi za kale, anayekwenda kwenye mauti mara nyingi husukumwa na soni zaidi kuliko anavyovutwa na sifa, na tofauti hiyo si ndogo. Sifa hutaka watu wote. Soni hutazama nyuso chache tu: za baba, za mama, za mwana, za wenzako wa mstari mmoja.

Hata kwa Wayunani jambo ni hilo hilo. Wengi wamesikia jina la Akilesi, shujaa wa Iliadi ya Homeri, ambaye mama yake alimwambia ana njia mbili: abaki vitani Troya afe kijana na jina lisipotee, au arudi kwao aishi miaka mingi bila jina. Huyo ndiye anayetajwa kila panapozungumzwa sifa dhidi ya uhai. Lakini mtu wa kufanana na Liyongo si Akilesi, ni adui yake, Hekta, mwana wa mfalme wa Troya.

Hekta amesimama nje ya lango, jeshi lake lote limeshaingia ndani ya kuta, na Akilesi anakuja. Juu ya ukuta baba yake na mama yake wanamwomba aingie. Lango liko wazi, na kuingia ni hatua chache tu. Kwa nini haingii? Homeri anatufungulia moyo wake, na ndani hatukuti wimbo wa sifa, tunakuta kumbukumbu chungu. Usiku uliopita mwenzake mmoja, Polidamasi, alimshauri alirudishe jeshi mjini, naye akakataa kwa maneno makali. Kwa kukataa kwake watu wengi wakauawa siku ile. Sasa akiingia, wa kwanza kumtazama usoni atakuwa Polidamasi, na baada yake wanawake waliofiwa. Anaona heri kufa kuliko kupita mbele ya nyuso hizo.

Na msomaji asisahau kinachofuata. Akilesi alipokaribia, Hekta alitimua mbio. Alizunguka kuta za Troya mara 3 akifukuzwa, watu wake wote wakitazama. Homeri hakulificha hilo wala hakuliona linamvunja shujaa wake. Hekta alisimama kupigana baada ya kuhadaiwa kwamba ndugu yake amekuja kumsaidia, na alipogundua kwamba yuko peke yake na mauti yamefika, ndipo alipotamani angalau asife bila kufanya jambo litakalosikika kwa wajao. Yaani sifa ilikuja mwisho, milango mingine ilipofungwa, kama kwa Liyongo.

Ama Akilesi, aliyeichagua sifa kwa macho makavu, Homeri alimrudia katika utenzi wa pili, Odisea. Huko kuzimu Akilesi anasema bora angekuwa kibarua wa shambani kwa bwana maskini, lakini hai, kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Sijui kwa nini wanaomnukuu Akilesi wa kwanza huwa hawamfikii huyu wa pili.

Kwetu sisi kuna mizani nyingine ambayo Wayunani hawakuwa nayo, nayo ni dini. Chuo cha Tambuka, kilichotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, ni katika tenzi za kale kabisa zilizobaki kwa maandishi. Kisa chake kinaanzia na mauti ya Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijria. Katika sira, Jaafar alishika bendera kwa mkono wa kulia ukakatwa, akaishika kwa wa kushoto ukakatwa, akaikumbatia kwa mabaki ya mikono mpaka akauawa. Ujira wake si jina katika midomo ya watu. Ni mabawa mawili peponi, na ndiyo sababu akaitwa Tayyar. Shahidi wa tenzi za dini hahitaji mji unaomtazama, kwa sababu anayemtazama ni mwingine.

Hapo mtu angeweza kudhani kwamba dini imeongeza hamu ya kufa. Lakini soma vita hivyo hivyo mpaka mwisho. Majemadari watatu waliuawa mmoja baada ya mwingine: Zaid bin Haritha, Jaafar, na Abdallah bin Rawaha, ambaye alikuwa mshairi na sira haifichi kwamba alisita kidogo kabla ya kuingia. Bendera ikachukuliwa na Khalid bin Walid. Jeshi lilikuwa la watu 3,000 mbele ya jeshi la Warumi lililolizidi mbali. Khalid aliwapigania watu wake mpaka wakapata nafasi, akawaondoa, akarudi nao Madina.

Mjini walipokelewa kwa mchanga. Watu waliwarushia vumbi wakiwaita watoro waliokimbia njia ya Mungu. Mtume (s.a.w.) akawakataza, akasema hao si watoro bali ni watu watakaorudi tena vitani. Hata hivyo ulimi wa watu haukukoma mara moja. Imepokewa kwamba Salama bin Hisham, mmoja wa waliorudi, alikuwa hatoki nyumbani kwenda kuswali na jamaa, kwa sababu kila akitoka watu walimpigia kelele za utoro. Fikiria: jemadari ameondoa watu kwa busara, Mtume mwenyewe amewatetea, na bado kuna mtu anajifungia ndani kwa soni. Sheria ilikuwa upande wake. Surat al-Anfal inakataza kuwapa maadui mgongo, lakini inatoa ruhusa kwa anayegeuka kwa mbinu za vita au kwenda kujiunga na kundi lake. Kilichomfungia Salama ndani ni mtaa.

Mtaa ndio wenye kauli katika mambo haya, na sisi wa Mombasa tuna ushahidi wetu. Mwaka 1875 Akida Muhammad bin Abdallah, kamanda wa askari wa Ngome, aligombana na utawala wa Sultan Barghash akajifungia ndani ya Ngome na watu wake na kuielekezea mji mizinga. Mwezi wa Januari manowari mbili za Waingereza, Rifleman na Nassau, ziliipiga Ngome kwa mizinga kwa muda wa saa chache. Akida alijisalimisha. Kwa mizani ya barazani huyo hana utenzi. Lakini anao: Abdallah bin Masud al-Mazrui alimtungia, na Sheikh Mbarak Ali Hinawy akauchapisha mwaka 1950. Mshairi wa Mvita aliona kwamba mtu aliyepanda juu kisha akashuka anafaa kusimuliwa sawa na aliyekufa. Kuta za Ngome ziko pale, na kila anayevuka feri kutoka Likoni anaweza kwenda kuzitazama.

Wa pili ni Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi. Baba yake alikuwa Mazrui wa mwisho kuitawala Mombasa, akakamatwa mwaka 1837 kwa amri ya Seyyid Said na kupelekwa uhamishoni, asirudi. Mbaruk aliishi miaka mingi akiwaasi masultani wa Unguja, na kila aliposhindwa aliingia bara kwenye boma lake la Mwele katika vilima vya Kwale, akangoja, akarudi. Mwaka 1895 alipigana na Waingereza, nao wakaliteketeza Mwele mwezi wa Agosti. Hakufa juu ya boma. Mwaka 1896 alivuka mpaka na wafuasi wake akaingia upande wa Wajerumani, akaweka silaha chini, na akaishi Dar es Salaam mpaka kufa kwake. Wapo waliomlaumu. Lakini waliovuka naye wengi walikuwa na wake na watoto, na angeamua kupiga goti la Liyongo pale Mwele, wangepiga goti naye watu ambao hakuna mshairi angewataja hata kwa jina. Utenzi humtazama mmoja, kwa hiyo haufai kuwa kitabu cha hesabu kwa mtu anayeongoza wengi. Liyongo kisimani alikuwa peke yake.

Nimebakisha mwana wa Liyongo, kwa sababu naona ndiye anayetuhusu zaidi huku bara ya Mombasa, hata kama hakuna anayempa mtoto wake jina lake. Utenzi haukumpa jina. Kijana huyu hakuwa mwoga. Kumwendea Liyongo na sindano mkononi kunahitaji moyo. Alikuwa na kila anachokitaka barubaru: ahadi ya cheo, ahadi ya mke wa jumbeni, na tendo kubwa la kulifanya kuthibitisha kwamba yeye ni mwanamume. Alichokosa ni kumwuliza aliyemtuma kwa nini haendi mwenyewe. Baba yake alimwambia waziwazi kwamba anahadaiwa, na ndivyo ilivyokuwa. Kazi ilipokwisha, ahadi zikafutwa, na aliyemuua baba yake akaonwa kuwa si mtu wa kuaminiwa na yeyote. Akafa kwa fedheha.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 vijana walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakachukua silaha, na wiki zilizofuata watu wasio na hatia waliuawa na wengine maelfu wakahama. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza machafuko hayo. Ilielezwa jinsi vijana walivyolishwa viapo katika Kaya Bombo na kutiwa imani kwamba kuna kinga itakayowalinda na risasi. Hapo ndipo kisa cha kale kinapouma. Kinga ya Liyongo ilikuwa na tundu moja, kitovu, na mwenyewe alijua lilipo. Vijana wa msituni waliambiwa hawana tundu. Na waliowapa maneno ya ukombozi na ardhi hawakuwa mstari wa mbele siku ya kupigwa risasi.

Siku hizi huko Kisauni vijana wanaoshika panga na kujipachika majina ya kutisha hawana kaya wala kiapo, lakini maneno ni yale yale: mwanamume harudi nyuma, fulani amenidharau, lazima nionekane. Ukimtega kijana huyo kwa utaratibu wa tenzi, utamkuta hana hata kimoja cha yale yaliyomlazimisha Liyongo. Mwanawe hajaletwa na sindano. Nyuso zinazomtazama ni za wenzake wanne nyuma ya duka, na kesho wawili kati yao hawatakuwapo. Mlango wa kutokea uko wazi, kama zamu ile ya makoma, na upinde wa kuyaangushia kutoka chini anao.

Mzee anayetaka kumsimulia Liyongo kwa wajukuu zake aanze na mkate wa makapi. Watoto hucheka hapo, kwa sababu walinzi walikula vizuri wakaacha kilichokuwa na tupa. Kisha aende kwenye mkoma. Sehemu ya kisima aiweke mwisho, na amtaje Mwana Mbwasho, aliyetolewa nyumbani na watu wale wale waliomtaka mwanawe afe, akaenda kuimba mbele ya mwili uliokuwa umepiga goti, akidhani bado unamsikia.